Kuuza au kununua gari kwa mtu binafsi: nani aachilie kwanza?

Umepata mnunuzi wa Probox yako, mmekubaliana Sh620,000, na kilichobaki ni kukutana mmalizane. Hapo ndipo swali gumu linapoingia. Muuzaji hataki kuachilia gari kabla hajaona pesa, na mnunuzi hataki kuachilia pesa kabla hajaona gari likianza kuingia jina lake. Walaghai wengi wanaishi katika hiyo nafasi ndogo kati ya pesa na jina. Tuchukue gari hilo hilo tuone jinsi ya kuiziba.

Kabla hata ya kupanga mahali, mnunuzi aingie eCitizen, kwenye huduma za NTSA, alipie nakala ya rekodi za gari. Ni Sh550. Karatasi hiyo inaonyesha jina la mwenye gari, nambari ya chasisi na ya injini, na kama kuna mkopo au zuio juu ya gari. Nenda nayo hadi kwenye gari, usome nambari za chasisi moja moja. Jina lililo pale ndilo litakalopokea pesa, na si jina lingine lolote. Tunasisitiza hapa kwa sababu kuna mchezo mmoja unaowanasa hata watu makini: mtu wa tatu anachukua picha za tangazo lako, analiweka gari kwa bei ya chini, kisha anawakutanisha wewe na mnunuzi. Wewe anakuambia mnunuzi ni mfanyakazi wake, mnunuzi anaambiwa wewe ni binamu yake, na nyote mnaombwa msizungumzie bei. Mnunuzi analipa kwa nambari ya huyo binamu, halafu mnabaki wawili mkitazamana. Kwa hivyo tajeni bei mkiwa ana kwa ana, na unapotuma, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN.

Mahali pazuri pa kukutana ni ndani ya tawi la benki ya muuzaji, siku ya kazi, asubuhi. Petroli stesheni jioni, au "tukutane tu hapo kwa steji", haifai. Benki ina kamera na askari, lakini faida kubwa zaidi ni keshia, ambaye anaweza kumwambia muuzaji kama pesa imeingia kweli. Asubuhi pia inawapa muda. Mtandao ukisumbua, au mmoja wenu awe amesahau nywila ya eCitizen (na hili hutokea sana), bado mna saa kadhaa. Kila mmoja ajaribu kuingia akaunti yake jana yake, akiwa nyumbani. Usimwachie kijana wa saiba nywila yako eti akusaidie.

Sasa njia ya malipo. M-Pesa inaruhusu hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya Sh500,000. Kwa hivyo Sh620,000 haiingii kwenye simu ya muuzaji kwa siku moja hata mkitaka. Mkigawa vipande vipande, mtajikuta gari limeshikwa nusu, pesa zimelipwa nusu, na mmoja wenu ana wasiwasi usiku kucha. Simu itumieni kwa arubuni. Kwa mfano wetu, mnunuzi anatuma Sh20,000 Jumanne ili muuzaji aache kuonyesha watu wengine gari, na mnaandikiana kwa meseji kwamba ni arubuni ya gari nambari fulani, salio ni Sh600,000, na itarudishwa au haitarudishwa mkishindwana. Salio lilipwe Alhamisi kutoka benki hadi benki. PesaLink inabeba hadi Sh999,999 kwa mara moja na huingia papo hapo, ingawa benki yako inaweza kuwa imekuwekea kikomo cha chini zaidi. Uliza siku moja mapema. Mkiwa na akaunti katika benki moja, keshia anaweza kuhamisha mkiwa mmesimama hapo. Hundi tuiache kabisa, maana inaweza kukataliwa siku kadhaa baadaye gari likiwa limeshaondoka.

Kwa muuzaji, meseji ya kuingia kwa pesa bado si pesa. Meseji hutengenezwa, na picha ya skrini hutengenezwa kwa urahisi zaidi. Fungua akaunti yako mwenyewe uangalie salio, au uulize keshia. Kumbuka pia kwamba mtumaji wa M-Pesa anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na pesa zinaweza kuzuiwa ombi likishughulikiwa. Ukiona hivyo kwenye ile arubuni, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ule ujumbe wa makubaliano mkononi.

Mezani, mpangilio ni huu. Mkataba wa mauzo uwe umeshapigwa chapa, nakala mbili, na nakala za vitambulisho na PIN za KRA ziwe zimeambatishwa. Mnausaini mbele ya shahidi. Muuzaji anaingia eCitizen, anaanzisha uhamisho wa umiliki na kujaza taarifa za mnunuzi, lakini anasimama kabla ya hatua ya mwisho. Mnunuzi anatazama skrini, anahakiki jina lake na nambari ya gari, kisha anatuma Sh600,000. Muuzaji anathibitisha kwenye akaunti, anakamilisha hatua yake, na mnunuzi anaingia kwenye simu yake na kukubali uhamisho hapo hapo. Ada ya uhamisho mkubaliane mapema nani analipa. Baada ya hapo ndipo logbuku na funguo, zote mbili, zinabadilisha mikono.

Kuna watu bado wanapenda kumaliza kwa Fomu C iliyosainiwa ikiwa tupu, "utajaza baadaye". Usisaini. Kisheria, mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo, na gari likigonga mtu, polisi watakuja kwako wewe. Sheria ya Trafiki pia inampa mnunuzi siku 14 tu za kuendesha gari barabarani kabla ya kusajiliwa kuwa mmiliki mpya.

Risiti isiwe ya neno "nimepokea" peke yake. Iandikwe majina na nambari za vitambulisho, nambari ya gari, chasisi na injini, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, nambari ya muamala ya arubuni na ile ya salio, na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Halafu andika saa kamili ya kukabidhiana, kwa mfano Alhamisi saa tano na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo inaonekana kama ushamba hadi siku utakapoletewa faini ya saa nne ya siku hiyo hiyo. Wote wawili wasaini, na kila mmoja abaki na nakala.

Mnunuzi asiendeshe kutoka hapo kwa bima ya muuzaji. Chukua yako kabla ya kuwasha injini, hata ya mwezi mmoja ya mtu wa tatu. Naye muuzaji, siku chache baadaye, aingie tena eCitizen kuangalia kama gari limeondoka kwenye orodha ya magari yake. Likiwa bado lipo, mpigie mnunuzi siku hiyo hiyo.