Umechekesha mahali ulipoulizwa cheti

*Shangazi, mimi ni mhasibu wa miaka 34, naishi Musoma. Naandaa vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara na SACCOS za Musoma, Bunda na Butiama. Mwezi uliopita nilialikwa Bunda kuwafundisha viongozi wa SACCOS utunzaji wa kumbukumbu, nikaombwa wasifu mfupi wa kusomwa kabla sijapanda jukwaani. Wasifu wa watu ni mkavu, nikaona wangu uchangamke. Niliandika hivi: "Ni mhasibu aliyejifunza kuhesabu kwenye dagaa wa mama yake pale Mwigobero. CPA yake ipo njiani, inasubiri kivuko cha Kinesi. Ni mtoto wa Mara, kwa hiyo hesabu zisipolingana mjue panga liko chini ya meza."*

*Ukumbi ulicheka sana. Iliposomwa ile ya CPA nilishukuru moyoni, maana walicheka wakapitiliza. Lakini wakati wa chakula mwenyekiti mmoja kutoka Butiama alimuuliza rafiki yangu, "Huyu ni mhasibu au mchekeshaji?" Alikuwa ameniahidi kazi ya kufunga hesabu za mwaka. Hajapiga simu mpaka leo. Mume wangu anasema nifute mizaha yote. Rafiki yangu anasema niiache, asiyejua kucheka ana shida zake. Nifanyeje?*

*Mhasibu wa Mwigobero*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata. Ile habari ya sauti ya mshereheshaji na gauni ulilovaa haikuhusu. Kuna maneno mawili tu ambayo singeyakata hata kwa kulipwa: "nilishukuru moyoni."

Ulishukuru nini? Mtu akitania, hufurahi watu wakicheka. Wewe ulifurahi kwamba *hawakuuliza*. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ndiyo yaliyokuleta kwangu. Mzaha wa kivuko cha Kinesi hukuuandika ili ukumbi uchangamke. Uliuandika kwa sababu pale palitakiwa maelezo ya ngazi uliyofikia katika mitihani ya NBAA, na wewe hukutaka kuyaandika. Mwenyekiti wa Butiama ameliona hilo kabla yako. Yeye anakwenda kusimama mbele ya wanachama waliokatwa akiba zao mwezi hadi mwezi, na siku ikitokea hitilafu ataulizwa ni nani aliyempa vitabu. Hawezi kuwajibu kwamba ni dada mmoja mcheshi sana.

Kumbuka unatania mahali gani. Uhasibu una bodi yake, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya 1972, na cheo cha CPA hupewa yule aliyemaliza mitihani na kusajiliwa. Kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu nako kuna masharti yake ya usajili. Kwa hiyo mtu wa SACCOS anaposikia "CPA ipo njiani" anabaki na maswali mawili ya haki kabisa. La kwanza, umebakiza masomo mangapi? La pili, ni kazi gani unaruhusiwa kuifanya leo na ipi huruhusiwi? Mzaha wako haukujibu hata moja. Ulichofanya ni kumwonesha kwamba maswali yapo na kwamba hupendi kuulizwa.

Sasa nikugombeze kidogo. Nani alikwambia mtihani usiokwisha ni aibu? Umefanya kazi mchana, umelea, umelipa ada, umesoma usiku, na kila kikao cha mitihani unapunguza somo moja au mawili. Hiyo ni habari ya kuandikwa kwa maneno yaliyonyooka: umefaulu ngazi fulani, unaendelea na ngazi fulani. Mtu akiisoma anajua umefika wapi, na anakuheshimu kwa kuwa umemwambia mwenyewe. Wewe ukalichukua jasho lako ukalifanya kichekesho kabla hajatokea hata mtu mmoja wa kukudharau. Wanawake wengi hufanya hivi wanapoingia kwenye vyumba vyenye wanaume wenye vyeo: hujishusha mapema ili wasishushwe. Matokeo yake ni kwamba watu wanakuamini. Ukisema huna uzito, wanakubali.

Usinielewe vibaya kwamba kujishusha ni kosa siku zote. Tunaye mfano wa nyumbani. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule hapo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimpata kwa bahati tu. Kwa maneno machache alikuwa amejieleza na watu wakatabasamu. Mzaha ule ulisimama kwa sababu kila kipande chake kilikuwa na ushahidi nyuma yake. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha kazi ya Pugu pale alipotakiwa achague kati ya darasa na siasa. Tena aliyekuwa akisema "siasa ilinipata tu" ni mtu ambaye tayari anaongoza nchi. Alijishusha mahali ambapo hakuna aliyemtilia shaka.

Wataalamu wa saikolojia walilipima jambo hili hili. Mwaka 1966 Mmarekani Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu anayejibu maswali ya chemsha bongo. Katika baadhi ya kanda alijibu karibu yote sawasawa, katika nyingine alikosa mengi. Halafu katika baadhi yake akasikika akijimwagia kahawa na kulalamika. Yule hodari alipojimwagia kahawa, wasikilizaji walimpenda zaidi. Yule wa kawaida alipofanya hivyo hivyo, alipendwa kidogo kuliko asipojimwagia. Kosa lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa kile walichokwisha kujua juu ya mtu huyo. Wewe, mwanangu, umejimwagia kahawa kabla hujajibu swali hata moja.

Tuje kwenye panga. Hilo lifute leo, na usiniulize mara mbili. Najua kwamba wewe ni Mjita na sokoni mnataniana na Wakurya kila siku bila mtu kununa. Lakini utani wetu una pande mbili. Mchaga humtania Mpare kwa sababu Mpare yupo hapo na atamrudishia kikali zaidi, na wote wanajua mipaka. Karatasi haina upande wa pili. Aliyeketi safu ya nyuma hawezi kukujibu, na hujui ana habari gani nyumbani kwake. Huu ni mkoa ambao mapigano ya koo na wizi wa mifugo vimeacha wajane na yatima. Isitoshe, kichekesho hicho ndicho wenzetu wa mikoa mingine hutuchekea nacho kila tukijitambulisha. Wakikisema wao tunanuna, halafu tukipewa kipaza sauti tunakirudia wenyewe! Na mtu anayeshika vitabu vya fedha za watu hatanii kwamba hesabu zitakosa kulingana. Hilo ndilo wateja wake wanaloliogopa usiku.

Mzaha wa dagaa, huo ubaki. Mume wako amekosea hapo, maana ukifuta yote wasifu wako utakuwa karatasi kama zile ulizoziita kavu. Rafiki yako naye amekosea, kwa kuwa mwenyekiti hakukosa ucheshi, amekosa taarifa. Mzaha wa dagaa wa mama ni kweli tupu, unaihusu kazi yenyewe, na haumgusi mtu mwingine. Viongozi waliokuwa ukumbini wamekua na visado na ndoo za dagaa. Wanajua mwanamke wa Mwigobero akikosea hesabu anakula hasara jioni hiyo hiyo. Hapo walicheka wakakusogelea. Ila uliuweka mwanzoni, ukatangulia mbele ya sifa zako. Mzaha kwenye wasifu hukaa mwishoni, mstari mmoja, baada ya msikilizaji kujua unaweza nini.

Kuna jambo la ufundi pia. Wasifu wa semina husomwa na mtu mwingine. Ukisema mwenyewe kwamba mtihani umekusumbua, huo ni unyenyekevu. Akisema mshereheshaji, tayari ni ushahidi wa mtu wa pili dhidi yako. Kwa hiyo kila mzaha umpe mtu akusomee kwa sauti kabla hujautuma. Kisha uufute na uone kinachobaki. Ukifuta ule wa dagaa, wasifu unapungua joto lakini taarifa zote zipo. Ukifuta ule wa Kinesi, pengo linabaki wazi na swali linachungulia. Mzaha wa namna hiyo ulikuwa unaficha kitu.

Nimekuandikia mfano. Yale ya ngazi nimeyachukua kwenye kipande cha barua yako nilichokikata:

*"Ni mhasibu mwenye shahada ya uhasibu. Amefaulu ngazi ya kati ya mitihani ya NBAA na anaendelea na ngazi ya mwisho. Kwa miaka 8 ameandaa vitabu na kufunga hesabu za mwaka za wafanyabiashara na SACCOS za Musoma, Bunda na Butiama, tayari kwa mkaguzi. Hesabu alianza kujifunza Mwigobero, kwenye dagaa wa mama yake, ambako kupoteza ndoo moja kulihitaji maelezo marefu kuliko ya mkaguzi yeyote."*

Umeona? Ngazi imetajwa bila kuomba radhi. Maneno "tayari kwa mkaguzi" yanamwambia mteja mpaka wa kazi yako: unaandaa, mwingine anakagua. Kisha wanacheka, na anayechekwa siyo wewe wala Mkurya. Wanacheka na ukali wa mama yako, na ukali huo ndio wanaotaka kuununua.

Na wasifu huu utumie kwenye semina, kwenye kijitabu cha mkutano, au unapojitambulisha kwa kikundi. Ukiomba zabuni, hata dagaa waache nyumbani. Kule kamati inatafuta sifa moja moja ilinganishe na masharti, na hakuna alama za ucheshi.

Kuhusu mwenyekiti: usikae ukisubiri simu, na usimtumie rafiki yako akuombee. Mpigie mwenyewe wiki hii. Mwamkie, mwambie umefika ngazi gani ya NBAA, umebakiza masomo gani, na kwamba kazi yako ni kufunga hesabu, siyo kusaini ukaguzi. Mtajie SACCOS mbili ulizozifanyia kazi ili aulize mwenyewe. Akikataa baada ya hapo, amekataa akiwa na taarifa kamili, na hiyo ni haki yake. Usimchekeshe.