Kuvuka Miezi Isiyo na Mshahara: Hesabu ya Pengo na Kazi Zenye Malipo ya Siku

Mfanyakazi anapopunguzwa kazi, swali la kwanza linalomjia huwa ni kazi gani ataifanya kesho. Swali hilo ni la msingi, lakini hutanguliwa na jingine: ni fedha kiasi gani zinazopungua kila mwezi, na kwa miezi mingapi? Asiyelijua pengo lake huweza kuhangaika kila siku na bado akashindwa kulipa kodi ya chumba, au akatia akiba yake yote katika biashara ambayo hakuihitaji. Makala haya yanaeleza namna ya kulipima pengo hilo na namna ya kuchagua kazi za muda mfupi za kuliziba.

Haki za mwanzo

Hesabu huanza na fedha ambazo mfanyakazi anastahili kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au kumlipa badala ya notisi hiyo. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, kisha akapunguzwa, hulipwa pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, kwa kikomo cha miaka 10. Aidha, hulipwa likizo ambayo hakuichukua na hupewa cheti cha utumishi.

Mfanyakazi anayeona kwamba ameachishwa isivyo halali anapaswa kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki hiyo kwa kungoja ahadi za mdomo hadi muda ukapita.

Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kuomba fao la kukosa ajira. Fao hilo ni takribani theluthi moja ya mshahara, nalo hulipwa kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa kuwa maombi huhitaji nyaraka za mwajiri na uhakiki, ni busara kutoliweka fao hilo katika bajeti ya mwezi wa kwanza. Fao hukoma mwanachama anapoajiriwa tena. Hivyo anayefanya vibarua aulize ofisi ya Mfuko mapema ili asije akadaiwa baadaye.

Kulipima pengo

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 312,000, akifanya kazi siku sita kwa wiki, naye ametimiza miaka minne. Mshahara huo ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 12,000. Kiinua mgongo chake ni siku saba mara miaka minne, yaani siku 28, sawa na shilingi 336,000. Notisi aliitumikia na likizo aliimaliza.

Matumizi ya kaya yake, yakibanwa hadi mahitaji ya lazima, ni shilingi 300,000 kwa mwezi: chakula 180,000, kodi ya chumba 50,000, maji na nishati 40,000, na mahitaji ya shule pamoja na nauli 30,000. Kwa kiinua mgongo pekee, kaya hiyo itafika mwezi mmoja na siku chache tu.

Akijipangia miezi minne ya kutafuta ajira, atahitaji shilingi 1,200,000. Fao la takribani shilingi 104,000, likianza mwezi wa pili, litampa 312,000. Likijumlishwa na kiinua mgongo, anazo 648,000. Pengo ni shilingi 552,000, yaani 138,000 kwa kila mwezi. Sasa anajua anachokitafuta.

Kuchagua kazi kwa kinachobaki

Kazi za muda mfupi zisilinganishwe kwa fedha zinazoshikwa, bali kwa kinachobaki mfukoni na kwa siku ambazo fedha hiyo hupatikana.

Kazi ya kwanza ni kibarua cha saidia fundi katika ujenzi. Haihitaji mtaji. Tuseme malipo ni shilingi 14,000 kwa siku. Nauli na chakula cha mchana vikichukua 2,500, hubaki 11,500. Siku 12 za kibarua kwa mwezi, yaani tatu kwa wiki, hutoa shilingi 138,000, kiasi kilekile cha pengo. Siku zinazobaki ni za kupeleka maombi ya kazi na kufuatilia fao. Jambo la kuangalia ni ahadi ya kulipwa mwisho wa wiki. Fundi anayeahirisha malipo mara mbili huenda naye hajalipwa na mwenye nyumba. Ni vyema kutafuta eneo jingine kabla deni halijakua.

Ya pili ni udeiwaka wa bodaboda kwa mwenye leseni ya udereva. Dereva akiingiza 25,000 kwa siku, akatoa hesabu ya mwenye pikipiki 10,000 na mafuta 8,000, hubaki na 7,000. Hesabu haipungui siku ya mvua, hivyo hasara yote humwangukia dereva. Kazi hii yafaa kujazia siku ambazo kibarua hakipo.

Ya tatu ni genge. Tenga la nyanya likinunuliwa kwa 30,000, usafiri ukawa 3,000, na mauzo ya siku tatu yakawa 42,000 baada ya kuondoa zilizooza, faida ni 9,000, yaani 3,000 kwa siku. Genge haliwezi kubeba pengo peke yake, ila mwenzi wa nyumbani anaweza kuliendesha jioni. Panapo muuzaji wa jumla anayemfahamu, ni heri kuanza kwa mali kauli kuliko kutoa kiinua mgongo kununua shehena.

Panapoharibika

Kosa linalotokea mara nyingi ni kukitumia kiinua mgongo kama mtaji. Katika mfano wetu, kukitia chote kwenye biashara kungeiacha kaya bila kodi mwezi uleule, na mtaji ungeanza kuliwa kabla haujazaa. Dalili yake ni rahisi: mfanyabiashara akishindwa kununua tenga la pili kwa fedha za tenga la kwanza, ameshaanza kula mtaji.

Hatari nyingine ni mikopo ya simu. Anayekopa 50,000 na kurejesha 65,000 baada ya wiki mbili ametoa zaidi ya kipato cha siku nzima ya kibarua. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni. Mkopaji ahakiki leseni kwanza. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba, lakini hutolewa zaidi kwa vikundi vilivyosajiliwa na huchukua muda. Inafaa kwa mradi wa baadaye, si kwa kodi ya mwezi huu. Maelezo yake hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Hesabu hii ipitiwe upya kila mwisho wa mwezi. Fao likichelewa mwezi mmoja zaidi, pengo huongezeka kwa 104,000, sawa na siku tisa za kibarua. Mwenye kulijua hilo mapema huziongeza siku hizo kidogo kidogo katika wiki zinazofuata, kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.