Unahitaji Nafasi Kiasi Gani Kupita Trela?

Mkazi yeyote anayeendesha gari kati ya Maungu na Voi anaijua hali hii. Mbele yako kuna trela linalokwenda kilomita 70 kwa saa. Barabara imenyooka, na kule mbali basi linalokuja linaonekana dogo kama kiberiti. Je, upite au usubiri? Wengi wetu huamua kwa macho tu. Hebu tupige hesabu.

Tuseme unaendesha gari dogo, na unatoka upande wako ukiwa mita 30 nyuma ya trela. Trela lenyewe lina urefu wa mita 17 hivi. Ukishalipita, acha mita 25 hivi kabla ya kurudi kushoto, ili dereva wake asilazimike kukanyaga breki. Ongeza urefu wa gari lako, na jumla ni karibu mita 75. Ukienda kilomita 90 kwa saa, tofauti yenu ni 20 tu, yaani mita tano na nusu kwa kila sekunde. Kwa hiyo utakaa upande usio wako karibu sekunde 14.

Katika sekunde hizo wewe utakuwa umekwenda mita 350. Basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa nalo litakuwa limekaribia kwa zaidi ya mita 300. Ukiweka akiba ya mita 100 ili msipishane kwa unywele, unahitaji barabara tupu ya takriban mita 760. Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa sababu nafasi ya mita 400 kwa macho huonekana kubwa mno.

Macho hudanganya kwa sababu gari linalokuja moja kwa moja halisogei kushoto wala kulia, linakua tu. Likiwa mbali hukua polepole sana hata unadhani limesimama, kisha ghafla linajaa kioo. Dawa yake ni kuhesabu. Ukiwa umetulia nyuma ya trela bila nia ya kupita, tazama gari la mbele linalokuja na uanze kuhesabu sekunde hadi mpishane. Kwa mwendo tuliotaja, linalofika baada ya sekunde 20 lingekupa nafasi. Linalofika baada ya sekunde 10 lingekukuta ukiwa bado ubavuni mwa trela. Rudia zoezi hilo safari nzima, na utaanza kujua gari la sekunde 20 lina ukubwa gani machoni.

Kuhesabu huko hakufai ikiwa umeng'ang'ania mkia wa trela, maana utaona milango yake tu. Rudi nyuma mita 40 hivi. Utaona mbele zaidi, na utapata nafasi ya kuongeza kasi ukiwa bado upande wako.

Basi ni hesabu nyingine. Sheria inaliruhusu kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Ukijaribu kulipita kwa 90, tofauti ni 10 tu, na ingawa basi ni fupi kuliko trela utakaa upande usio wako karibu sekunde 25. Ungehitaji zaidi ya kilomita moja na robo. Kwa gari dogo, kikomo kwenye barabara ya njia mbili ni 100, basi huna pa kuongeza sana. Mara nyingi jibu ni kubaki nyuma yake.

Kwenye mlima mambo hubadilika. Trela lililojaa likipanda hupungua hadi kilomita 30, na kishawishi huwa kikubwa, lakini kilele huficha kinachokuja. Likianza kuteremka hupata kasi, na ile tofauti uliyoitegemea inayeyuka ukiwa ubavuni mwake.

Kuna pia ile desturi ya dereva wa lori kuwasha indiketa ya kushoto kukuambia njia ni nyeupe, na ya kulia kukukataza. Ni wema, lakini indiketa ya kulia yaweza pia kumaanisha anakata kulia kuingia njia ya vumbi. Ya kushoto nayo haikuonyeshi anachokiona, wala hajui gari lako lina nguvu kiasi gani.

Na kabla ya kutoka, tazama kioo cha nyuma. Ukiwa bado hujafika katikati ya trela, unaweza kufunga breki na kurudi nyuma yake. Lakini matatu iliyokuwa nyuma yako ikishaziba pengo uliloacha, mlango huo umefungwa.

Usiku kuhesabu huwa kugumu zaidi, kwa sababu unachoona ni taa tu. Taa moja inayokuja yaweza kuwa bodaboda, au lori lililoungua taa ya upande wa kulia, yaani upande ule ule unaotaka kupitia.