Ubao wa Leo: Vidokezo 5 vya Kuuza Sahani ya Siku

Mchana, mpita njia wa Shangani hapa Mtwara anataka kujua mambo mawili: leo kuna nini, na bei gani. Wengi huona haya kuingia, kuuliza, kisha kutoka. Basi ubao wa mlangoni umjibu, na kadi ya mezani imalizie.

1. Panga kwa mwezi, andika kwa ndoo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, miamba ikabaki wazi, na watu hufuata pweza kwa miguu. Hizo ndizo siku za kumpangia pweza. Maji mafu yakiingia, ubao upokee kisamvu au mbaazi za nazi. Lakini chaki usiishike mpaka mzigo wenyewe umefika jikoni.

2. Taja jina, pishi, cha kulia na bei. "Samaki leo" haimwambii mtu kitu. Andika hivi:

   CHANGU WA KUPAKA
   wali wa nazi, kachumbari
   8,000/-

   Mistari mitatu tu, na njaa imeshaamka. Sahani za siku zisizidi tatu. Zikizidi, macho ya mpita njia hayajui yashike ipi.

3. Pima herufi kwa hatua. Kwa kila mita 3 kati ya ubao na msomaji, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi. Barabara ikiwa mita 6, andika jina la chakula kwa sentimita 5. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ubao ukauke kabisa, ndipo uandike. Chaki juu ya ubao mbichi huganda, na kesho changu wa jana ataonekana chini ya pweza wa leo.

4. Kadi iseme ambayo ubao hauwezi. Mteja ameshakaa, ana muda wa kusoma. Mweleze ladha na muda: "Pweza wa leo, amechemshwa akalainika, kisha akaungwa kwa tui zito na ndimu. Ukitaka wa kuchoma, subiri dakika 20." Akijua mapema atasubiri kwa utulivu. Mchuzi ukiwa na korosho, kadi iseme, maana wapo wanaodhurika nazo. Chakula kimoja kwa kadi moja kinatosha.

5. Kikiisha, kifute. Mteja aliyeingia kwa ajili ya pweza akaambiwa ameisha, hata ukimpa kuku mzuri, anakula huku anawaza pweza. Tundika kitambaa kwenye msumari pembeni ya ubao, na iwe kanuni: anayepeleka sahani ya mwisho mezani ndiye anayepita mlangoni kufuta.