Umekwama kwenye vyuma? Majibu kuhusu supaseti, dropseti na mwendo wa polepole

Misuli imegoma kukua. Nianze mbinu ipi?

Fungua daftari kwanza. Kama uzito na marudio havijapanda kwa wiki 4 hadi 6, kweli umekwama. Sasa jiulize: seti ya mwisho ilipoisha, ungeweza kurudia mara 5 zaidi? Kama ndiyo, unaacha mapema mno, na dawa yake ni kusogea hadi yabaki marudio 1 au 2 tu.

Nanyanyua chuma cha zege nyumbani Muleba. Nitaongezaje uzito?

Hapa ndipo mwendo wa polepole unapofaa. Ndoo ya lita 10 iliyojaa zege ni kama kilo 24, hivyo mbili na bomba lake zinakaribia kilo 50. Tuseme kifuani unakipandisha mara 18 bila shida, na kumwaga ndoo kubwa zaidi ni kuruka hatua. Kishushe kwa sekunde 3 hadi 4, tulia sekunde 1 karibu na kifua, kisha kipandishe kawaida. Ukianguka hadi marudio 11, umepata pa kuanzia. Yakifika tena 18 kwa mwendo uleule, mwaga zege jipya.

Ila usiigize kinyonga. Rudio moja likizidi sekunde 10, faida inapungua. Na aliye Bukoba mjini kwenye jimu yenye sahani ndogo za kuongeza aongeze sahani; kwake, polepole itamlazimisha tu kubeba chepesi.

Na supaseti?

Inaokoa muda, haikuzi zaidi. Unganisha kifua na mgongo: kimoja kikifanya kazi, kingine kinapumua. Kwa mwenye dakika 40 kabla ya kufungua duka, ni sawa kabisa. Kifua juu ya kifua ni hasara, maana zoezi la pili litafanywa na misuli iliyochoka, kwa uzito na marudio pungufu. (Jioni jimu ikijaa, kushikilia benchi na mashine kwa pamoja ni ugomvi.)

Dropseti ije lini?

Kwenye seti ya mwisho ya mikono au mabega. Ukishindwa, punguza uzito kwa robo, endelea papo hapo. Inabana kazi ya seti kadhaa ndani ya dakika chache. Kwa skwati iache: mgongo ukichoka unapinda. Kama kesho yake marudio yanashuka na hayarudi wiki nzima, umezidisha.

Nimefanya yote, bado.

Tazama sahani. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 110 za protini kwa siku, na nusu kilo ya ndizi za kupika haifikishi hata 10. Dagaa wakavu gramu 100 wana zaidi ya 50. Maharage yajazie zilizobaki.