Aya Moja ya Barua kwa Mtendaji wa Kata

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Itaka, wilayani Mbozi, nikijiandaa kukusanya data za utafiti wa mwaka wa 3. Ili niwahoji wakulima wa kahawa nilihitaji kibali cha Afisa Mtendaji wa Kata. Nikakaa, nikaandika haraka haraka:

"Shikamoo Mheshimiwa Mtendaji, habari za kazi? Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na nataka ofisi yako anipe kibali la kuhoji wakulima kuhusu mashamba zao."

Kichwa chake kilikuwa "YAH: KUOMBA KIBALI", basi. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, aliisoma mara moja akaniuliza: "Mwanangu, hapa unamwandikia mtu au ofisi?" Nilidhani ananitania. Kumbe karibu makosa yote yalitoka hapo.

Tuanze na salamu. Shikamoo ni ya mdomoni, kati ya mdogo na mkubwa waliokutana. Barua ya kiofisi inaingia kwenye jalada, na kesho anaweza kuifungua mtendaji mwingine, pengine mdogo kwangu kiumri. Kwa hiyo barua huanza na "Ndugu," peke yake, awe mwanamume au mwanamke. Shikamoo nitaitoa nikifika mlangoni kuikabidhi. Na "Mheshimiwa" je? Mtendaji wa Kata ni mtumishi aliyeajiriwa, hivyo "Ndugu" inamtosha na haimshushi. "Mheshimiwa" iweke kwa diwani, mbunge au mkuu wa wilaya.

Halafu "Husika na mada". Hii tumeizoea mno hadi hatusikii kwamba ni amri: wewe, husika! Mwombaji hamwamuru anayemwomba. Sema "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Hapo kinachohusika ni kichwa, si mtendaji. Kwa sababu hiyohiyo "nataka" ikawa "naomba".

Sasa upatanisho. Nilipoandika "ofisi yako anipe", mdomo ulisema ofisi, lakini akilini nilikuwa namwona mtu. Ofisi si mtu: ofisi yako inipe. Ukitaka "anipe", mtaje mtu: Afisa Mtendaji anipe. Yote mawili ni sahihi kisarufi, ila kwenye ombi "ofisi yako" ni ya adabu zaidi, maana haimnyooshei mtu kidole. Chagua moja, ubaki nayo hadi mwisho wa barua.

Kwa hayo mengine, mjomba alinipa kipimo rahisi. Weka neno la kuonyesha mbele ya nomino, usikilize. Ni kibali hiki, kwa hiyo kibali cha, si "la". Hiyo "la" niliiazima kwenye ombi, kwa kuwa ni ombi hili, ombi la. Ni mashamba haya, kwa hiyo mashamba yao. "Mashamba zao" tunaisema kila siku kijiweni na hakuna anayeshtuka, lakini kwenye karatasi inaonekana. Kipimo hiki kina mpaka wake: "rafiki huyu" haikupi "rafiki wangu", kwani tunasema rafiki yangu. Majina kama rafiki, mama na kaka huchukua "yangu" ingawa ni watu. Afisa hayumo humo: ni afisa wetu.

Kichwa nacho kilikuwa kifupi mno. Kibali cha nini? Cha kujenga, cha sherehe? Kichwa ndicho kinachomwonyesha msomaji barua iende kwa nani, kwa hiyo kitaje jambo lenyewe. Kikirefuka, kila kiunganishi kitazame nomino iliyo nyuma yake: ombi la, kibali cha, wakulima wa.

Baada ya kusahihisha, mwanzo wa barua ukawa hivi:

Ndugu,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUWAHOJI WAKULIMA WA KAHAWA KATIKA KATA YA ITAKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa chuo kikuu na mkazi wa kata hii. Naomba ofisi yako inipe kibali cha kuwahoji wakulima 20 wa kahawa kuhusu mavuno ya mashamba yao, kuanzia tarehe 4 hadi 15 Agosti. Barua ya utambulisho kutoka chuoni imeambatanishwa.

Utaona pia idadi na tarehe zimeingia. Bila hizo, hata barua yenye adabu ingemlazimu mtendaji aniite kuniuliza, na mimi nilikuwa na wiki mbili tu za kukusanya data.

Kesho yake asubuhi niliipeleka mwenyewe. Nilipofika mlangoni, ndipo nikasema: "Shikamoo."