Dondoo muhimu: Kadi pepe, hasara ndogo

Uko Kasulo, unataka kuagiza taa ya kichwa ya dola 38 kwenye duka la mtandaoni. Usiandike namba ya kadi inayofungua akaunti yako yote. Tengeneza kadi pepe, yaani namba tu isiyo na plastiki, uipakie dola 40.

Mwaka 2018 wezi walipachika msimbo kwenye tovuti ya British Airways. Kuanzia 21 Agosti hadi 5 Septemba, ulinakili kadi za wateja wakati wanazituma kulipia, pamoja na zile tarakimu 3 za siri. Alama ya kufuli kwenye kivinjari haikuwasaidia wateja hao kitu.

Wezi kama hao wakiiba kadi yako pepe baada ya kununua taa, watakuta dola 2. Basi usiiongezee pesa, na uifunge kwa muda kila unapomaliza kununua. Ukiona jaribio la malipo usiyoyajua, hata ya dola 1, namba imevuja: omba nyingine.

Ila usiifute kabla mzigo haujafika, kwa kuwa pesa ya kurudishiwa hupitia namba ileile. Na duka la uongo? Hapo dola 38 zimekwenda.